Mayai ya Mwalimu na Umeme wa Jumatano

Mimi ni fundi cherehani, na hasira zangu ziko karibu. Nalisema mapema asije mtu akashangaa mbele ya safari. Mteja anayekuja kuchukua gauni siku mbili kabla ya siku niliyomwambia ananiudhi, lakini hamfikii mtu anayeandika kwenye grupu la majirani jambo asilolijua. Grupu letu linaitwa Majirani Wema. Wema tunao, ila na midomo tunayo pia.

Jumatatu ile, saa nane mchana, nilikuwa napinda suruali za sare za shule simu ikalia juu ya meza ya kukatia. Alikuwa ni Mwalimu, mama jirani yangu wa nyumba ya nne. Alistaafu mwanzoni mwa mwaka, binti yake kaolewa mbali, nyumba imebaki na yeye na saa ya ukutani. Hata kwenye simu anaandika kwa nukta na mkato:

"Habari za mchana, majirani. Nimesikia umeme utakatwa Jumatano. Je, ni kweli? Kama ni kweli, ni saa ngapi hadi saa ngapi, na nyumba yangu imo? Naomba anayejua kwa hakika anijibu. Siku hiyo mayai yangu yatakuwa yametimiza siku ya kumi na nane."

Kabla sijaweka mkasi chini, majibu yalikuwa yameshaporomoka. Wa kwanza alikuwa Katibu, mtu mwema sana ambaye kila kinachoingia kwenye simu yake lazima kitoke. Aliweka picha ya tangazo na kuandika: "Siku tatu mfululizo, mji mzima. Chajini simu." Mwenye duka akajibu kwamba huo ni uongo, shemeji yake ana rafiki anayefanya kazi huko na hakuna kinachokatwa. Mama Pacha akaandika, "Kwangu upo," kana kwamba kuna aliyemuuliza habari za kwake leo. Mwingine akaweka vikatuni vitatu vya mikono ya kuomba dua, akaenda zake.

Mimi sikuandika kitu. Nilikaa nimeshika simu, uso umepata moto, na sababu yake naijua.

Wiki saba kabla ya hapo Mwalimu alikuwa ameweka mayai yake ya kwanza. Kaka yake alimletea mashine ya kutotolesha vifaranga, ile ndogo ya mayai arobaini na nane, inayowekwa juu ya meza na kuchomekwa ukutani. Mwalimu aliisoma karatasi ya maelekezo mpaka ikachakaa. Akawa anaamka alfajiri kuyageuza mayai, anaandika joto kwenye daftari, anatueleza dukani habari za unyevu tusizoziuliza. Tulimtania kwamba amerudi darasani, safari hii na wanafunzi wasiojibu. Alikuwa anacheka. Tangu astaafu sikuwa nimemwona akicheka hivyo.

Siku ya tisa umeme ukakatika asubuhi. Mwalimu akauliza kwenye grupu unarudi lini. Mimi nilikuwa na kitambaa mdomoni na mteja mbele yangu, na mteja yule alikuwa ametoka kusema kwamba kaona gari la mafundi barabarani. Nikaandika kwa kidole kimoja: "Unarudi sasa hivi, mafundi wako njiani." Basi. Nikaendelea kupima kiuno.

Umeme ulirudi kesho yake mchana. Gari lile la mafundi lilikuwa linakwenda mtaa mwingine kabisa. Mwalimu aliamini maneno yangu, akakaa karibu na mashine akisubiri, badala ya kuibeba mapema kwenda kwa kaka yake ambako umeme ulikuwepo. Alipoyamulika mayai kwa tochi siku chache baadaye, hakuna hata moja lililokuwa na uhai. Aliyafukia nyuma ya nyumba peke yake. Hakunilaumu na wala sikumwomba radhi. Tuliendelea kusalimiana vizuri tu, na kila salamu ilikuwa inanichoma.

Kwa hiyo Jumatatu ile, aliponiandikia pembeni, nje ya grupu, nilisoma nikiwa nimesimama: "Mdogo wangu, haya nayo yakiharibika namrudishia kaka mashine yake. Sina nguvu ya kuanza mara ya tatu."

Nikazima cherehani.

Nilianza na tangazo la Katibu. Nililikuza kwa vidole viwili mpaka herufi zikawa kubwa kama za kwenye ubao, na chini kabisa pembeni nikaikuta tarehe. Siku ni Jumatano, sawa, ila ni ya mwaka jana. Tangazo lilikuwa limezunguka miezi kumi na mbili likarudi kwetu likiwa na afya njema. Nikajua hilo ni la kutupa, lakini halikuniambia kama Jumatano hii kuna jambo au hakuna. Tangazo kuwa la zamani hakumaanishi kwamba umeme hautakatwa.

Namba ya dharura ya ofisi ya umeme iko kwenye kibandiko kwenye boksi la mita. Niliipiga mara sita. Mara ya saba ikapokelewa na kijana mwenye sauti ya mtu aliyeshinda akitukanwa. Nikamsalimia vizuri, nikamuuliza habari za kazi. Naona hakuwa ameulizwa hilo siku nyingi, maana alilegea papo hapo.

"Ndiyo, mama, Jumatano kuna matengenezo huko kwenu," alisema. "Tunabadilisha nguzo zilizooza na kukata matawi. Kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Laini inayotoka kwenye transfoma ya shule."

"Mtaa wetu wote?"

"Hapo siwezi kukudanganya. Mtaa wenu una laini mbili. Nyumba nyingine zinalishwa na transfoma ya shule, nyingine ya zahanati. Nenda kwenye nguzo ambayo waya wa hiyo nyumba unatokea, usome namba iliyopakwa rangi. Ukinipa hiyo namba nitakuambia."

Nimeishi mtaa huu miaka kumi na tisa na sikuwa nimewahi kujua kwamba una laini mbili. Ndiyo maana kila umeme ukikatika tunatukanana kwenye grupu, huyu anasema upo, yule anasema haupo, na kila mmoja anadhani mwenzake anatia chumvi. Kumbe wote tulikuwa tunasema kweli. Mama Pacha nilimwomba radhi kimoyomoyo.

Nikachukua daftari la vipimo na chaki ya kitambaa nikatoka. Nguzo iliyo mbele ya nyumba ya Mwalimu ilikuwa na namba nyeupe, nusu imefunikwa na karatasi la mganga wa mapenzi. Nilibandua mapenzi nikasoma namba. Nikainua kichwa, nikaufuata waya kwa macho mpaka ukutani kwa Mwalimu, nikahakikisha ndio wenyewe. Ng'ambo ya barabara, mbele ya karakana ya seremala, kuna nguzo nyingine. Nikaisoma nayo, zote mbili nikaziandika daftarini kwa chaki. Wapita njia walikuwa wananitazama kama mtu anayezungumza na nguzo, na kwa kweli nilikuwa nazungumza nayo.

Nilipiga tena simu. Kwa bahati akapokea kijana yuleyule. Nikamsomea namba ya kwanza, taratibu, na yeye akanirudishia.

"Hiyo imo," akasema. "Transfoma ya shule. Itakatwa."

Nikasoma ya pili.

"Hiyo ni ya zahanati. Haimo kwenye ratiba ya Jumatano."

"Kwa hiyo ng'ambo ya barabara umeme utakuwepo?"

"Haujapangwa kukatwa, mama. Hitilafu ya ghafla siwezi kukuapia."

Nilimpenda kijana huyo kwa jibu lile. Nikamuuliza tena saa, nikamuuliza kama huwa wanachelewa, akasema wakati mwingine kwa saa moja au mbili. Yote nikayaandika kwenye daftari, chini ya vipimo vya nyonga za mtu.

Jibu lenyewe liko bado kwenye simu yangu:

"Mwalimu na majirani. Nimepiga simu namba ya dharura ya ofisi ya umeme leo saa tisa na nusu alasiri. Jumatano umeme utakatwa kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, na wamesema unaweza kuchelewa saa moja au mbili. Ni kwa nyumba zinazolishwa na transfoma ya shule tu. Mtaa wetu una laini mbili. Nyumba ya Mwalimu imo, nimesoma namba ya nguzo yake. Karakana ya seremala haimo. Za wengine sijui. Soma namba ya nguzo yako, uwapigie, namba yao iko kwenye boksi la mita. Tangazo alilotuma Katibu ni la mwaka jana, tazameni pembeni chini. Hitilafu ya ghafla hakuna anayeweza kuijua."

Katibu akawa wa kwanza kuandika, "Ahsante Shangazi, nalifuta," na kweli akalifuta. Baada ya hapo wakaanza kumiminika na namba za nguzo. Mwenye duka alipiga mwenyewe akakuta na yeye yumo, akahamisha maziwa yake. Ya shemeji hatukuyasikia tena.

Wa mwisho kuandika alikuwa seremala. Tunamwita Randa, kwa sababu mikono yake na chombo hicho havijaachana tangu ujana. Si mwandishi. Aliandika: "Mayai yaje kwangu."

Mwalimu alikuwa na wasiwasi na kuyahamisha. Karatasi yake ya maelekezo ilisema kuanzia siku ya kumi na nane mayai hayageuzwi tena na mashine haifunguliwi ovyo, mpaka yatotoe. Kwa hiyo kama ni kuhama, tuhame Jumanne, siku ya kumi na saba, na tukihama hakuna kurudi Jumatano jioni. Yatakaa kwa Randa mpaka Jumamosi. Nikamwambia Randa hayo yote, nikitegemea atakuna kichwa. Hakukuna.

"Kuna chumba kidogo cha nyuma ninachowekea misumari," alisema. "Mlango unafungika, vumbi haliingii. Vanishi sitapaka mpaka watoke. Harufu yake hata mimi inanilevya, sembuse wao."

"Na mashine ya kuranda?" aliuliza Mwalimu.

"Nitaranda kwa mkono, Mwalimu. Nilianza hivyo."

Jumanne jioni, jua bado lipo, tulivuka barabara. Mimi na Randa tumeshika mashine huku na huku, imefunikwa shuka jepesi, matundu ya hewa yakiwa wazi, na Mwalimu mbele yetu akiwa amenyoosha mkono kusimamisha baiskeli na pikipiki kama anayevusha darasa la kwanza. Kila nikikanyaga jiwe, anasema, "Taratibu." Nikakasirika nikaendelea kubeba. Hatua sitini tulizitembea kwa muda wa kushona makwapa mawili. Tulipochomeka na taa nyekundu ikawaka, na joto likaanza kupanda kurudi pale linapotakiwa, Mwalimu alikaa juu ya rundo la mbao akapangusa uso kwa upindo wa kanga yake.

Jumatano saa tatu na dakika nne cherehani yangu ilizimika katikati ya mshono. Mimi mwenyewe niko kwenye laini ya shule. Nikafurahi, jambo ambalo sikutegemea kulisema maishani. Nikahamia kwenye cherehani ya miguu, nikashona huku nimegeuza kiti kutazama karakana. Taa yake ya mlangoni ilikuwa inawaka mchana kweupe. Randa aliiacha makusudi ili niione.

Saa tano kasoro taa ile ikazimika.

Sikumbuki nilivyovuka barabara. Nakumbuka nilikuwa na pini mdomoni bado. Mwalimu alikuwa amesimama katikati ya karakana, mikono kichwani, na mlango wa chumba cha misumari ulikuwa wazi kidogo. Ndani taa nyekundu ya mashine haikuwepo.

"Wamekata na huku," alisema. "Walikuambia hapana, na wamekata."

Simu yangu ilikuwa mkononi. Kidole kilikuwa kimeshaanza kuandika kwamba ofisi ya umeme wametudanganya, kwamba hata laini ya zahanati imekatwa, watu wajihadhari. Nilikuwa nimefika kwenye neno la tatu. Halafu nikaliona lile la zamani, "mafundi wako njiani," kama limeandikwa kwenye kioo kilekile, nikatema pini.

"Mwalimu, funga mlango wa mayai, usiifungue mashine," nilisema. "Joto lake halikimbii mara moja. Nipe dakika mbili."

Nikatoka nikagonga kwa jirani wa Randa, fundi viatu, ambaye waya wake unatoka kwenye nguzo ileile. Redio yake ilikuwa inaimba na feni inazunguka. Umeme upo.

Nikarudi nikiwa na hasira zangu zote nilizozaliwa nazo. "Randa, umefanya nini?"

Randa alikuwa amesimama karibu na mashine ya kuranda, maranda ya mbao kwenye ndevu, anatazama miguu yake. Miaka ishirini na mitano kila siku saa tano kasoro anawasha mashine hiyo. Mkono ulikwenda wenyewe kwenye swichi. Mashine ile ni kongwe, ikishtuka inavuta umeme mwingi kwa mpigo, na kwa kuwa msasa wa umeme nao ulikuwa unazunguka, swichi kuu ya karakana ikajikata.

"Mkono umenizidi," alisema. Mtu mzima, sauti imekuwa ndogo kama uzi.

Alichomoa plagi ya mashine na ya msasa, akaenda ukutani akainua swichi kuu. Tak. Taa ikarudi. Tukaenda wote watatu kwenye dirisha dogo la mashine ya mayai. Joto lilikuwa limeshuka kidogo sana, chini ya nyuzi moja. Mwalimu aliandika namba hiyo kwenye daftari lake, na saa, na akaongeza maneno "swichi kuu, Randa" kama anayempa mtoto alama mbaya. Randa akachukua kamba akaifunga plagi ya mashine yake mafundo matatu, akasema wa kuifungua ni mimi. Mpaka Jumamosi hakuniomba niifungue.

Ule ujumbe wa maneno matatu niliufuta bila kuutuma.

Laini ya shule ilirudi saa kumi na mbili na robo. Niliandika saa hiyo kwenye grupu pamoja na kwamba walichelewa kwa saa moja na robo, ili safari ijayo tujue.

Ijumaa jioni yai la kwanza lilitoboka. Jumamosi asubuhi nilisikia kabla sijaingia karakanani, sauti nyembamba nyingi kwa pamoja. Randa alikuwa amekaa nje ya mlango wa chumba cha misumari, hakuna alichokuwa anakifanya, na hakutaka kuulizwa. Kufikia mchana, kati ya mayai arobaini na nane yalikuwa yametotoa arobaini na moja. Mwalimu aliwasubiri wakauke manyoya, ndipo akaanza kuwahamishia kwenye boksi lenye balbu, mmoja mmoja, akiwahesabu kwa sauti ya darasani. Alinipa mmoja mkononi. Alikuwa mwepesi kuliko kipande cha lesi na moyo wake ulikuwa unadunda kwenye kiganja changu. Nilifurahi mpaka nikaona aibu.

Ndipo nikasema. "Mwalimu, yale ya kwanza. Mimi ndiye niliyeandika kwamba umeme unarudi sasa hivi. Sikuwa nimehakikisha. Naomba radhi."

Hakuinua macho kutoka kwenye boksi. "Najua ni wewe, mdogo wangu. Jina lako liko juu ya ujumbe."

"Mbona hukuniambia kitu?"

"Ningekuambia, ungeacha kujibu kabisa, nakujua kwa hasira zako." Akamrudisha kifaranga aliyetaka kupanda ukingo. "Halafu mtaa mzima ungebaki na Katibu."

Randa alicheka mpaka akashika mlango. Mimi nilitaka kucheka, macho yakanisaliti, nikajifanya nina vumbi la mbao.

Simu ikalia. Ilikuwa grupu. Mama Pacha anauliza kama leo maji yatatoka, ana nguo za watoto za wiki nzima, na tayari kulikuwa na majibu manne yasiyofanana. Nilimrudisha kifaranga kwenye boksi, nikapangusa mkono, nikaandika:

"Sijui. Nipe nusu saa nikaulize."

Nikaitafuta chaki yangu mfukoni, nikatoka.